Kutoka "Kujiandikisha" hadi "Kujihakiki": Uandaaji wa Video ya Elimu ya Uraia kwa Wapiga Kura Wapya Wilayani Rusizi, Rwanda

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kuandaa video fupi ya Kiswahili inayomfundisha kijana wa Wilaya ya Rusizi, Rwanda, jinsi ya kuthibitisha nafasi yake katika orodha ya wapiga kura na jinsi ya kupiga kura kwa mara ya kwanza. Hoja kuu ni kwamba ugumu wa kazi hiyo hauanzi kwenye kamera bali kwenye kitenzi. Neno "kujiandikisha", ambalo limezoeleka katika Kiswahili cha uchaguzi cha Tanzania, Kenya na mashariki mwa Kongo, linataja hatua ambayo kwa kawaida kijana wa Rwanda haifanyi. Makala yanafafanua chanzo cha tatizo hilo, yanatoa mfano wa muswada uliorekebishwa, kisha yanajadili namna karatasi ya mfano inavyoweza kuvunja kutopendelea bila mwandaaji kukusudia. Mwisho yanapendekeza njia mbili za kuijaribu video kabla ya kuisambaza.

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Rusizi, ambayo wazee wengi bado huiita Cyangugu, iko kwenye pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda. Mji wake mkuu, Kamembe, unatazamana na Bukavu ng'ambo ya Mto Rusizi, na upande wa kusini bonde la Bugarama linapakana na Burundi. Biashara ya mpakani imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya kila siku ya soko, stendi na forodha katika maeneo hayo kwa muda mrefu kabla ya lugha hiyo kutambuliwa kuwa rasmi nchini Rwanda mwaka 2017. Kwa hiyo video ya elimu ya uraia kwa Kiswahili si pambo la sera ya lugha. Inamfikia kijana katika lugha ambayo tayari anaitumia kuuza, kununua na kusafiri.

Hata hivyo, Kiswahili hicho hakikufika Rusizi kikiwa kitupu. Kimekuja na msamiati wa mambo ya umma uliotungwa kwingine, kwa taratibu za kwingine. Katika bei ya samaki au nauli ya pikipiki tofauti hiyo haina madhara. Katika uchaguzi ina madhara, kwa sababu neno lisilolingana na utaratibu humpeleka mtu mahali pasipo na huduma, au humfanya asubiri tangazo lisilokuja.

Uchaguzi wa Julai 2024 unafaa kuwa msingi wa mjadala huu. Kufuatia marekebisho ya Katiba ya mwaka 2023, uchaguzi wa Rais na ule wa Wabunge uliunganishwa, na wananchi walioko nchini walipiga kura zote mbili tarehe 15 Julai 2024. Kijana aliyekuwa akipiga kura kwa mara ya kwanza alikuta hatua ambazo hata kaka na dada zake hawakuwahi kuziona kwa mpangilio huo.

2.0 Kitenzi kinachobeba utaratibu usiokuwapo

Nchini Tanzania, raia anayetimiza umri wa kupiga kura hulazimika kufika kituoni ili taarifa zake ziingizwe katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Hupigwa picha, huchukuliwa alama za vidole na hupewa kadi. Nchini Kenya, raia huenda na kitambulisho chake kwa ofisa wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, naye huingizwa katika sajili kwa mashine. Nchini Kongo, wananchi wa Bukavu walipanga foleni mwanzoni mwa mwaka 2023 kwenye vituo vya Tume ya Uchaguzi ili kupata kadi ya mpiga kura, ambayo huko hutumika pia kama kitambulisho. Katika nchi zote tatu, "kujiandikisha" ni tendo la mwili: mtu huondoka nyumbani, hufika kituoni, na hurudi na ushahidi mkononi.

Nchini Rwanda utaratibu una mantiki nyingine. Raia hupata kitambulisho cha taifa, yaani indangamuntu, kuanzia umri wa miaka 16. Orodha ya wapiga kura hutayarishwa na Tume ya Taifa ya Uchaguzi kwa kutegemea taarifa za wakala wa taifa wa vitambulisho, na huwajumuisha wale watakaokuwa wametimiza miaka 18 siku ya kura. Hivyo kijana aliyezaliwa tarehe 15 Julai 2006 au kabla yake alitarajiwa kuwemo katika orodha ya mwaka 2024 bila kwenda kuandikwa upya. Alichotakiwa kufanya ni mambo mawili: kuhakikisha kwamba jina lake limo na halina makosa, na kuhakikisha kwamba limo katika eneo atakakokuwa siku ya kura.

Kinyarwanda kina vitenzi mahususi kwa matendo hayo. Kurekebisha taarifa zako katika orodha ni kwikosoza, na kuhamishia jina lako kwenye kituo kingine ni kwiyimura. Mtafsiri anayefanya kazi kwa haraka huyakusanya matendo yote mawili chini ya "kujiandikisha", kwa kuwa ndilo neno analolisikia redioni. Tafsiri hiyo ina sarufi safi na maana potofu.

Upotofu huo huzaa makosa ya aina mbili, nayo yanaelekea pande tofauti. Kijana wa kwanza husikia "nenda ukajiandikishe", akasubiri kutangaziwa kituo cha kuandikishia kama alivyoona kwa binamu zake wa Bukavu. Kituo hakitangazwi, naye huhitimisha kwamba amekosa nafasi. Kijana wa pili huambiwa na mwenzake kwamba Rwanda hakuna kujiandikisha, akaelewa kwamba hana la kufanya kabisa. Siku ya kura hujitokeza kituo kilicho karibu na bweni lake na kukuta jina lake liko mahali pengine. Wa kwanza amepotoshwa na neno, wa pili na ukanushaji wa neno lilelile. Kwa hiyo video haiwezi kuponya tatizo kwa kulifuta tu neno "kujiandikisha". Inapaswa kulitaja, kulitenga, kisha kuweka tendo halisi mahali pake.

Neno linalopendekezwa hapa ni "kujihakiki", likifuatwa kila mara na maelezo mafupi: kuangalia kama jina lako limo katika orodha, ni sahihi, na liko katika kituo utakachotumia. Kwa tendo la pili, "kuhamisha jina" linatosha. Istilahi za Kinyarwanda zitamkwe mara moja kando ya zile za Kiswahili, kwa kuwa ndizo kijana atakazozikuta kwenye tangazo la ofisi na kwenye simu yake. Vivyo hivyo kwa ngazi za utawala. Kuuita umudugudu "kijiji", au umurenge "kata", ni kumpa mtazamaji majina ambayo hakuna ofisi ya Rusizi inayoyatumia. Ni afadhali kusema mudugudu na murenge, maneno ambayo Waswahili wa Kamembe tayari huyatamka hivyo.

3.0 Muswada: mfano uliofanyiwa kazi

Chukulia kijana wa kubuni ambaye nyumbani kwao ni Bugarama. Alipata indangamuntu akiwa huko na miaka 16. Sasa ana miaka 19 na anasoma Kamembe, ambako atakuwa siku ya kura. Hali hiyo ni ya kawaida, na ndiyo inayoonyesha ni wapi maelezo ya jumla hushindwa. Muswada wa awali ungeweza kuwa hivi:

"Vijana, tujitokeze kwa wingi kujiandikisha ili tuchague viongozi bora watakaotuletea maendeleo. Hakikisha umejiandikisha katika kituo kilicho karibu nawe."

Sentensi hizo mbili zina makosa manne. Kitenzi kinataja hatua isiyokuwapo. "Kituo kilicho karibu nawe" kinamwelekeza kijana huyu Kamembe, ilhali huenda jina lake liko Bugarama. "Viongozi bora" na "maendeleo" ni msamiati wa kampeni: anayetawala huutumia kudai aendelee, na anayepinga huutumia kudai mabadiliko, kwa hiyo mtazamaji atauhusisha na yule aliyemsikia mwisho. Hatimaye, nafsi ya kwanza wingi, "tujitokeze", inamfanya msimulizi kuwa mhamasishaji badala ya mwelezaji.

Muswada uliorekebishwa unaweza kuwa mazungumzo mafupi kati ya kijana huyo na dada yake mkubwa, wakiwa wameketi na simu moja:

"Dada, nitajiandikisha wapi?"
"Hapa kwetu huanzi kwa kujiandikisha, mdogo wangu. Una indangamuntu?"
"Ninayo."
"Basi jina lako linatarajiwa kuwa katika orodha. Kazi yako ni kujihakiki. Piga *169# ufuate maelekezo, au uliza ofisini kwenye kagari. Angalia mambo matatu: jina limo? Limeandikwa sawasawa? Liko kituo gani?"
"Limo, lakini linasema Bugarama."
"Siku ya kura utakuwa wapi?"
"Hapa Kamembe."
"Basi una njia mbili. Usafiri siku hiyo hadi Bugarama, au uhamishe jina lako kabla orodha haijafungwa. Uamuzi ni wako."

Mazungumzo haya yana maneno yasiyozidi mia moja, na yakisomwa kwa utulivu huchukua takriban dakika moja. Dakika hiyo inatosha kwa tendo moja tu, na hapo ndipo waandaaji wengi hukosea kwa kuongeza historia ya Tume, vifungu vya sheria na salamu za viongozi. Video ya dakika tatu ina nafasi ya matendo matatu: kujihakiki, kujua cha kubeba na saa ya kwenda, na kupiga kura yenyewe. Kila kinachoongezwa hulipiwa kwa kuharakisha kimojawapo cha hayo.

Wahusika hawana majina, na hilo ni la makusudi. Jina la mtu katika ukanda huu hudokeza dini, na wakati mwingine familia au upande wa mpaka. "Dada" na "mdogo wangu" hutoa ukaribu bila kudokeza lolote kati ya hayo. Aidha, dada hasemi "ni lazima". Kura nchini Rwanda ni haki ya raia, na Katiba inaitaja kuwa sawa kwa wote na ya siri. Video inayoigeuza haki hiyo kuwa amri huanza kuchukua msimamo ambao haikutumwa kuuchukua.

Katika onesho la simu kuna hatari moja ya kiufundi. Namba ya indangamuntu ina tarakimu 16, na miongoni mwake umo mwaka wa kuzaliwa wa mwenyewe. Mwandaaji akitunga namba inayofuata muundo huo ili ionekane ya kweli, anaweza kuangukia namba ya mtu aliye hai. Ni salama zaidi kuonyesha vidole vikibonyeza *169#, kisha kufunika sehemu ya namba kabisa. Pia haifai kunakili kwenye video kila neno la menyu ya simu, kwa kuwa menyu hubadilika uchaguzi hadi uchaguzi, na mtazamaji akikuta neno tofauti huamini kwamba amekosea.

4.0 Karatasi ya mfano na kutopendelea

Onesho la kupiga kura ndilo gumu zaidi kwa upande wa kutopendelea, kwa sababu haiwezekani kufundisha kuweka alama bila mkono kuonekana ukiweka alama mahali fulani.

Mwandaaji makini hawezi kutumia majina wala nembo halisi za vyama. Kinachomjia haraka akilini ni matunda, ambayo huonekana hayana siasa. Historia ya Kenya inatoa onyo. Katika kura ya maoni ya Katiba ya tarehe 21 Novemba 2005, ndizi ilikuwa alama ya "ndiyo" na chungwa alama ya "hapana", na chungwa hilo likazaa jina la harakati ya kisiasa iliyodumu miaka mingi. Tunda likishaingia kwenye karatasi ya kura halirudi kuwa tunda tu. Wanyama na zana za kazi nao wana tatizo hilohilo, kwani vyama vya ukanda mzima vimejichukulia vingi kuwa nembo. Maumbo ya jiometri, yaani duara, mraba na pembetatu, hayana mvuto lakini ni salama, mradi yachorwe kwa rangi nyeusi au ya kijivu ili yasifanane na rangi za chama chochote.

Baada ya alama huja mahali. Mkono ukiweka alama kwenye mstari wa kwanza katika kila onesho, mtazamaji asiyejua kusoma vizuri anaweza kukumbuka mahali hapo kama sehemu ya maelekezo: "tia alama juu". Dawa yake ni kurudia onesho mara tatu kwa kasi, kila mara kwenye umbo tofauti, huku sauti ikisema, "Hapa, au hapa, au hapa: unayemchagua wewe." Kisha karatasi ikunjwe kabla kamera haijarudi kwa mpiga kura. Kukunja huko kunafundisha usiri vizuri zaidi kuliko sentensi inayoutangaza.

Mwaka 2024 uliongeza jambo la tatu. Mpiga kura alikuwa na maamuzi mawili yasiyofanana. Kwa Rais alichagua mtu. Kwa Wabunge 53 wanaochaguliwa moja kwa moja, alichagua orodha ya chama au mgombea binafsi, na viti viligawanywa kwa uwiano wa kura. Wabunge 27 waliobaki, yaani wanawake 24, wawakilishi 2 wa vijana na 1 wa watu wenye ulemavu, huchaguliwa kwa njia nyingine, na kijana wa kawaida hapewi karatasi yao. Kiswahili hutumia "kumchagua mbunge" bila wasiwasi, kwa kuwa Tanzania na Kenya wana wabunge wa majimbo. Kijana wa Rusizi akielezwa hivyo ataitafuta picha ya mbunge "wa Rusizi" na hataiona. Usemi ulio sahihi ni "kuchagua orodha ya chama, au mgombea binafsi, kwa ajili ya Bunge". Ni mrefu, lakini video inaweza kuufupisha kwa picha: karatasi moja yenye nyuso, nyingine ambayo nembo moja inafunguka na kuonyesha watu wengi nyuma yake.

Kwa hatua zilizobaki, maelezo ni machache na yanapaswa kubaki machache. Beba indangamuntu. Vituo vya mwaka 2024 vilifunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa tisa alasiri, na saa hizo zitamkwe kwa hesabu ya Kiswahili huku skrini ikionyesha 7:00 na 15:00, kwa kuwa vijana waliosoma kwa Kiingereza au Kifaransa huchanganya hesabu hizo mbili. Chumba kidogo cha faragha, ambacho Watanzania hukiita kituturi na Wanyarwanda ubwihugiko, kionyeshwe kwa picha, na neno la Kinyarwanda lipewe kipaumbele, kwa kuwa ndilo litakalosikika kituoni.

5.0 Namna ya kujua kama video imefaulu

Swali "umeelewa?" halipimi kitu, kwa sababu heshima humlazimu kijana kujibu "ndiyo". Jaribio la kwanza linalopendekezwa ni la tendo. Kijana atazame video mara moja, kisha apewe simu na aambiwe, "Nionyeshe utakachofanya kesho." Akienda moja kwa moja kwenye kujihakiki, kitenzi kimefanya kazi. Akiuliza kituo cha kuandikishia kiko wapi, neno la zamani bado linatawala, na sehemu ya kwanza lazima iandikwe upya. Baadaye apewe karatasi ya maumbo na aombwe kutia alama. Iwapo wengi wataweka alama pale mkono wa video ulipoishia, onesho limefundisha mahali badala ya kufundisha tendo.

Jaribio la pili ni la kutopendelea. Baada ya kutazama, kila mtazamaji aulizwe faraghani: "Unadhani walioitengeneza wanataka nani ashinde?" Jibu linalotakiwa ni "sijui", au majibu yaliyotawanyika bila mwelekeo. Yakielekea upande mmoja, kuna kitu kilichowaelekeza: rangi ya shati, wimbo wa nyuma, neno la kampeni, au mandhari ya jengo fulani. Mwandaaji hahitaji kukubaliana na watazamaji ili arekebishe. Inatosha kwamba wameona.

Watazamaji wa majaribio wasitoke Kamembe pekee. Kijana wa Bugarama hukutana na Kiswahili chenye mguso wa Burundi, na yule wa kisiwa cha Nkombo huzungumza nyumbani lugha inayokaribiana na Kimashi cha ng'ambo ya ziwa. Sentensi inayopita kwa wote watatu imepita mtihani mgumu zaidi ambao wilaya hiyo inaweza kuutoa.

Majaribio haya yana mipaka. Hayapimi kama kijana atakwenda kupiga kura, na video isiyopendelea haipaswi kuhukumiwa kwa idadi ya waliojitokeza, kwani kutokwenda pia ni uamuzi wa raia. Pia hayaondoi wajibu wa kuipeleka video kwa Tume ya Taifa ya Uchaguzi ili taratibu zihakikiwe. Jambo moja la uandaaji hurahisisha uhakiki huo: saa, tarehe, msimbo wa simu na idadi ya karatasi virekodiwe katika vipande vya sauti na picha vinavyojitegemea, ili vibadilishwe kwa uchaguzi ujao bila kurudia kazi yote.

6.0 Hitimisho

Mjadala huu unaonyesha kwamba Kiswahili sanifu cha uchaguzi hakijawa cha kikanda, ingawa maneno yake yanasikika kila mahali. Kila istilahi imefungwa kwenye utaratibu wa nchi iliyoizaa, na ikivuka mpaka hubeba utaratibu huo pamoja nayo. Kwa washauri wa sera, pendekezo ni kwamba faharasa yoyote ya uchaguzi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ipangwe kwa matendo ya mpiga kura katika kila nchi, na si kwa orodha ya maneno yenye tafsiri moja. Chini ya tendo la kuingia katika orodha ya wapiga kura, Tanzania na Kenya zingeandikiwa "kujiandikisha", na Rwanda "kujihakiki" na "kuhamisha jina". Mstari huo mmoja wa faharasa ungemwonyesha kijana wa Bugarama kwamba kituo anachokisubiri hakipo, na kwamba kazi yake iko kwenye simu iliyo mkononi mwake.